Wimbi la Joto: Kila Mahali na Kipimo Chake

Usiku wa tarehe 11 kuamkia tarehe 12 Agosti, 2003, hewa ya jiji la Paris haikupoa chini ya nyuzi 25.5 za Sentigredi. Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa habari hiyo haina ajabu. Usiku wa namna hiyo humjia mara nyingi katika miezi ya Februari na Machi, naye huamka asubuhi akaenda kazini. Kwa watu wa Paris, ambao mchana wa siku hizo walikuwa wamepata joto lililokaribia nyuzi 40, ulikuwa usiku wa maafa. Katika siku 20 za kwanza za mwezi ule walikufa nchini Ufaransa watu wapatao 15,000 zaidi ya idadi ambayo ingetarajiwa kwa majira kama hayo.

Yawezekanaje usiku ambao mahali pamoja ni wa kawaida, mahali pengine uwe sehemu ya janga? Jibu la swali hilo ndilo linaloeleza wimbi la joto ni nini, na kwa nini nchi mbalimbali hazikubaliani juu ya kipimo chake. Maoni ya mwandishi wa makala haya ni kwamba kutokukubaliana huko si kasoro ya sayansi. Kasoro ni kuazima kipimo cha nchi nyingine na kukitumia bila kukijaribu hapa kwetu, hasa katika ukanda wa pwani, ambako kipimo cha kuazima chaweza kutuambia kwamba hakuna hatari hali hatari ipo.

Maswali matatu ya kila kipimo

Wimbi la joto ni kipindi cha siku kadhaa zinazofuatana ambamo joto huzidi sana lile ambalo mahali hapo pamezoea. Shirika la Hali ya Hewa Duniani halikuweka kiwango kimoja kwa dunia nzima, bali limeziachia nchi zipange viwango vyake kulingana na tabia ya hewa ya kila mahali. Kwa hiyo kila nchi imelazimika kujibu maswali matatu: joto kiasi gani, kwa siku ngapi, na zaidi ya nini?

Tuangalie majibu machache. Nchini Uingereza, wimbi la joto hutangazwa pale joto la juu la mchana linapofika au kupita kiwango cha eneo husika kwa siku tatu mfululizo. Kiwango hicho ni nyuzi 25 katika sehemu zenye baridi zaidi na nyuzi 28 katika jiji la London na jirani zake. Uholanzi hudai siku tano mfululizo zenye nyuzi 25 au zaidi katika kituo cha De Bilt, na miongoni mwake siku tatu ziwe zimefika nyuzi 30. Kwa vipimo hivi viwili, wakazi wa Tanga wangekuwa ndani ya wimbi la joto karibu mwaka mzima, jambo ambalo halina maana yoyote.

India, ambayo ni nchi kubwa yenye milima, nyanda na pwani, imefanya jambo la busara zaidi: imegawa kipimo chake. Katika nyanda, kituo hakifikiriwi mpaka joto lifike angalau nyuzi 40. Katika milima, nyuzi 30. Katika pwani, nyuzi 37. Tena haitoshi kufika hapo tu. Yapasa joto la siku hiyo lizidi wastani wa mahali hapo kwa nyuzi 4.5 au zaidi, isipokuwa likifika nyuzi 45 katika nyanda, ambapo hali hutangazwa bila kuangalia wastani. Hali hiyo yapasa ionekane katika vituo visivyopungua viwili vya eneo moja, kwa siku mbili mfululizo.

Msomaji atambue pia joto linalosemwa hapa hupimwa wapi. Ni joto la kivulini. Kipimajoto huwekwa ndani ya sanduku jeupe la mbao lenye matundu ya kupitisha hewa, katika uwanja wenye nyasi, mbali na kuta. Sanduku hilo hukizuia kipimajoto kisipigwe na jua, ili vituo vyote viweze kulinganishwa. Ni utaratibu mzuri, lakini hautuambii joto alilo nalo mtu aliye chini ya bati, au juu ya jengo akimimina zege.

Kwa nini viwango hutofautiana

Sababu ya kwanza ni mwili wenyewe. Mtu akiishi katika joto kwa muda wa juma moja au mawili, mwili wake hubadilika. Huanza kutoa jasho mapema zaidi, hutoa jasho jingi zaidi, na jasho hilo huwa na chumvi kidogo zaidi. Kiasi cha maji katika damu huongezeka, na moyo haulazimiki kupiga kwa kasi kama awali. Ndiyo maana joto la ghafla mwanzoni mwa majira huumiza kuliko joto lile lile likija mwishoni. Na ndiyo maana mtu wa Njombe akishuka Dar es Salaam mwezi Februari huteseka kwa siku kadhaa, wakati mwenyeji wake hashughuliki.

Sababu ya pili ni nyumba. Nyumba nyingi za Ulaya ya kaskazini zilijengwa ili zitunze joto wakati wa baridi. Kuta ni nene, madirisha hufungwa barabara, na vyumba vilivyo chini ya mapaa ya Paris hugeuka tanuri jua likiwaka siku nyingi. Sababu ya tatu ni mazoea ya watu. Mahali palipozoea joto, kazi nzito huanza alfajiri na watu hupumzika jua la utosi. Mahali pasipozoea, ratiba ya kazi haijui jua.

Kwa hiyo kiwango cha haki ni kile kinacholinganisha mahali na mahali hapo hapo. Njia inayotumiwa sana ni rahisi kuieleza. Tuseme twataka kujua joto gani ni la kupita kiasi kwa tarehe 15 Februari katika kituo fulani. Twachukua siku hiyo, siku saba zilizoitangulia na siku saba zilizoifuata, yaani siku 15. Kisha twafanya hivyo kwa kila mwaka katika miaka 30, tuseme tangu 1991 hadi 2020. Tutapata vipimo 450. Tukivipanga kuanzia kikubwa hadi kidogo, na kuhesabu kutoka juu mpaka cha 45, tutakuwa tumetenga asilimia 10 ya siku zenye joto zaidi. Kipimo hicho cha 45 ndicho kizingiti chetu. Siku tatu mfululizo zikikivuka, twasema kwamba kuna wimbi la joto.

Njia hii ina kasoro zake, nazo zafaa zijulikane. Kwanza, huweza kutangaza wimbi la joto mwezi Julai, katika siku ambazo si za kawaida kweli lakini hazimdhuru mtu. Pili, hutegemea kumbukumbu ndefu zisizokatika. Kituo kikihamishwa, au mji ukikizunguka, mfululizo wa vipimo huharibika, na ni lazima urekebishwe kwanza. Tatu, dunia inaendelea kupata joto, na tukisogeza mbele miaka 30 ya kulinganishia, kizingiti nacho hupanda. Ofisi ya Hali ya Hewa ya Uingereza ilifanya hivyo mwaka 2022 na ikapandisha kiwango katika baadhi ya kaunti. Siku ambayo zamani ingehesabiwa kuwa hatari, sasa yaweza kupita bila kutajwa, ingawa mwili wa mzee wa miaka 80 haukubadilika pamoja na hesabu.

Jasho lisilokauka

Kasoro kubwa kuliko zote, kwa sisi tuishio karibu na Bahari ya Hindi, ni kwamba vipimo vyote vilivyotajwa hutazama joto la juu la mchana peke yake. Havitazami unyevu wa hewa.

Mwili wa mtu hufanya kazi vizuri ukiwa na joto la nyuzi 37 hivi ndani yake, nao hutengeneza joto wakati wote, na zaidi sana wakati wa kazi. Hewa ikiwa na joto linalokaribia lile la ngozi, njia ya pekee iliyobaki ya kulitoa joto hilo ni jasho kukauka. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoa joto la kilokalori 580 hivi, kiasi kinachotosha kupasha lita saba za maji kutoka nyuzi 20 mpaka yachemke. Lakini jasho linalotiririka na kudondoka chini haliondoi kitu. Ni maji na chumvi zilizopotea bure. Na hewa iliyojaa mvuke wa bahari haina nafasi ya kupokea mvuke zaidi.

Wapimaji wa hali ya hewa wamekuwa na kifaa cha kuonyesha jambo hili kwa miaka mingi. Huchukua vipimajoto viwili. Kimoja huachwa kikavu, na cha pili hufungwa kitambaa kilicholowa maji kwenye tunguu lake. Maji yakikauka kitambaani, kipimajoto cha pili hupoa, kama ngozi yenye jasho inavyopoa. Hewa ikiwa kavu, tofauti ya vipimajoto hivyo ni kubwa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, tofauti ni ndogo. Kipimajoto chenye kitambaa hutuonyesha basi jasho lingeweza kuupoza mwili hadi wapi.

Tulinganishe siku mbili. Ya kwanza ni siku ya bara kavu: joto nyuzi 40, unyevu wa hewa asilimia 15. Hapo kipimajoto chenye kitambaa kitasoma karibu nyuzi 21. Ya pili ni siku ya Machi pwani: joto nyuzi 32, unyevu asilimia 70. Hapo kitasoma karibu nyuzi 27. Yule wa bara kavu yumo hatarini pia, kwa sababu hewa yenyewe yampasha mwili na maji yanamtoka kwa wingi; lakini akipata kivuli na maji ya kunywa ya kutosha, jasho lake litamsaidia. Yule wa pwani, mwenye siku iliyo chini kwa nyuzi nane katika taarifa ya redio, ana jasho linalokataa kukauka.

Wataalamu waliandika mwaka 2010 kwamba kipimajoto chenye kitambaa kikifika nyuzi 35, hata mtu mwenye afya aliyekaa kivulini uchi hawezi kuishi zaidi ya saa kadhaa. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2022 katika chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania, Marekani, yalifanywa na vijana wenye afya waliofanya shughuli nyepesi, nayo yalionyesha kwamba katika hewa yenye unyevu mwingi miili yao ilianza kushindwa kujipoza karibu na nyuzi 30 au 31. Nyuzi 27 si mbali na hapo, na mpagazi wa bandarini hafanyi shughuli nyepesi.

Sasa tujaribu kutumia kipimo cha pwani ya India kwa Dar es Salaam. Ikiwa joto la juu la kawaida mwezi Machi ni nyuzi 32 hivi, ingetubidi tungoje nyuzi 37 ndipo tutangaze. Lakini bahari hairuhusu mruko wa namna hiyo kwa urahisi. Maji yake hupasha na kuipoza hewa polepole, na upepo wake huishusha kila alasiri. Hivyo joto la mchana hupanda na kushuka kwa nyuzi chache tu. Kwa kipimo hicho pwani yetu ingekaa miaka mingi bila wimbi la joto hata moja katika vitabu. Kinachoizidishia pwani taabu si mruko wa mchana mmoja, bali ni unyevu pamoja na usiku usiopoa, kwa maana mvuke ule ule unaozuia jasho kukauka huizuia pia ardhi kutoa joto lake angani baada ya jua kuchwa. Nyumba ya matofali ya saruji yenye paa la bati, iliyolundika joto mchana kutwa, huendelea kulitoa ndani ya chumba hadi usiku wa manane. Mwili uliokuwa ukitazamia kupumzika haupati nafasi.

Kwa sababu hiyo kipimo cha pwani hakina budi kiwe na mambo matatu pamoja: joto la mchana, joto la chini la usiku, na unyevu. Vituo vyetu hupima yote matatu. Ni suala la kuyatumia.

Jiji lililohesabu maiti wake

Kipimo kizuri cha hewa bado si kipimo cha hatari. Ili kujua watu huanza kufa kwa joto gani, hapana njia nyingine ila kuhesabu vifo na kuvilinganisha na vipimo vya hewa siku kwa siku. Jiji la Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat nchini India, latufunza namna ya kufanya hivyo.

Mwezi wa Mei mwaka 2010 joto lilipanda katika jiji hilo hadi nyuzi 46.8. Ahmedabad ni mahali pa joto siku zote, na wakazi wake walidhaniwa wamelizoea. Vyeti vya vifo havikuonyesha janga, kwa kuwa joto huua likiwa limejificha. Mzee mwenye moyo dhaifu hufa kwa moyo, mgonjwa wa figo hufa kwa figo, na cheti husema hivyo, nacho hakisemi uongo. Watafiti wakaacha kuuliza kila maiti aliuawa na nini, wakauliza swali jepesi zaidi: ni wangapi waliokufa, na kwa kawaida wangekufa wangapi? Katika mwezi wa Mei wa miaka 2009 na 2011, wastani wa vifo ulikuwa 3,118, yaani kama 100 kwa siku. Mei 2010 vilikuwa 4,462. Tofauti ni vifo 1,344. Siku moja peke yake, tarehe 21 Mei, walikufa watu 310.

Hesabu hiyo ndiyo iliyobadili mambo. Mwaka 2013 jiji likaanzisha mpango wa kukabiliana na joto, wa kwanza wa aina yake katika Asia ya Kusini. Likaweka viwango vyake lenyewe. Tahadhari ya kwanza hutolewa joto likitabiriwa kupita nyuzi 41.1, onyo zaidi likipita nyuzi 43, na onyo kuu likifika nyuzi 45. Msomaji aone jambo hili vizuri. Siku ya Mei yenye nyuzi 42, kwa kipimo cha taifa, si wimbi la joto katika jiji hilo. Lakini daftari la vifo lilionyesha kwamba haikufaa kungoja. Kipimo cha mpima hewa na kipimo cha daktari ni vitu viwili, na vikigongana, cha daktari ndicho kinachopasa kuamua lini watu waonywe.

Hospitali moja ya jiji hilo ilitoa somo dogo lenye thamani kubwa. Wodi yake ya watoto wachanga ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, moja kwa moja chini ya paa. Wakati wa joto la 2010 watoto wengi walipatikana na homa isiyo na maambukizo yoyote. Walikuwa wamepashwa joto na jengo. Wodi ikahamishiwa ghorofa ya chini, na katika misimu ya joto iliyofuata watoto wa namna hiyo wakapungua sana. Hapakununuliwa mashine yoyote.

Ni nani walio hatarini zaidi

Watu hawaingii hatarini kwa usawa, na aina ya watu walio hatarini hubadilika kutoka mahali hadi mahali, kama kipimo kinavyobadilika.

Huko Ufaransa mwaka 2003, na huko Chicago mwezi Julai mwaka 1995, ambako joto lenye unyevu liliua watu zaidi ya 700 katika siku chache, waliokufa wengi walikuwa wazee, hasa walioishi peke yao. Mzee hutoa jasho kidogo, moyo wake hauwezi kusukuma damu nyingi kwenye ngozi, na hamu yake ya maji hupungua hata mwili unapoyahitaji. Tena zipo dawa zinazoongeza hatari hiyo: dawa za kukojosha wanazopewa wenye shinikizo la damu hupunguza maji mwilini, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huzuia jasho. Mgonjwa asiache dawa kwa sababu hiyo. Amwulize mganga wake mapema, kabla ya miezi ya joto.

Mtoto mchanga naye hupata joto upesi, wala hawezi kujivua nguo wala kuomba maji. Mama mjamzito hubeba joto la miili miwili. Kwetu mzee mara nyingi haishi peke yake, na hiyo ni kinga kubwa, mradi walio naye wajue la kutazama.

Lakini katika nchi zetu lipo kundi jingine ambalo takwimu za Ulaya hazilionyeshi sana, nalo ni vijana wenye nguvu wanaofanya kazi nzito: wapagazi, wajenzi, wavuna chumvi, wakata miwa, waendesha mikokoteni. Kazi ya misuli hutengeneza joto jingi mwilini, na mwenye kulipwa kwa mzigo hapumziki mpaka mzigo uishe. Mtu huyu anaweza kuanguka kwa kiharusi cha joto hali afya yake ilikuwa njema asubuhi. Dalili ya hatari kubwa haiko kwenye jasho, kwani mfanyakazi anaweza kuwa bado anatoka jasho. Dalili iko kwenye akili: akianza kuropoka, kuyumba, kukasirika bila sababu au kuzimia, huku mwili wake una joto kali, hapo joto la ndani laweza kuwa limepita nyuzi 40 na ubongo unadhurika. Apelekwe kivulini, avuliwe nguo, amwagiwe maji mengi ya baridi na apepewe wakati huo huo, huku akitafutiwa usafiri wa hospitali. Kumpoza kwanza ndiko kunakookoa maisha. Na asinyweshwe maji akiwa hana fahamu.

Mwisho kuna wale ambao hatari yao imo katika nyumba. Wachunguzi walipotundika vipimajoto katika mitaa ya Kibera, Mathare na Mukuru jijini Nairobi katika miaka 2015 na 2016, walikuta joto la mchana likipita lile la kituo rasmi cha Dagoretti. Kituo kina nyasi na nafasi. Mitaa ile ina mabati na vichochoro, na miti ni adimu. Taarifa ya kituo, ingawa ni sahihi, haikuwa taarifa ya chumba cha mtu.

Yapasayo kufanywa

Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2020 ulitazama daftari kubwa la kimataifa la maafa, ukakuta kwamba kwa Afrika yote iliyo kusini ya Sahara mlikuwa mmeandikwa mawimbi mawili tu ya joto tangu mwanzo wa karne ya ishirini, na vifo 71. Hakuna anayeweza kuamini kwamba hiyo ndiyo hesabu kamili. Mwezi Machi mwaka 2024 Sudan Kusini ilifunga shule zake kwa sababu ya joto lililotazamiwa kufika nyuzi 45, na ikabidi izifunge tena Februari 2025 baada ya wanafunzi kuanguka. Joto lipo, kinachokosekana ni hesabu.

Wengine watasema kwamba nchi ambazo vifo vingi hutokea nyumbani bila kuandikishwa haziwezi kufanya kama Ahmedabad. Pingamizi hilo lina uzito, lakini halitoshi. Si lazima kuanza na nchi nzima. Huko Ifakara, wataalamu walianza mwaka 1996 kuandika uzazi na vifo nyumba kwa nyumba katika vijiji vilivyochaguliwa. Na huko Korogocho na Viwandani, Nairobi, kazi kama hiyo ilianza mapema katika miaka ya 2000. Utaratibu huo ukiwekwa katika kata chache za pwani, na daftari la wagonjwa wa kila siku la hospitali moja ya mkoa likawekwa kando ya vipimo vya mchana, vya usiku na vya unyevu, katika miaka michache tutaweza kuona ni wapi mstari wa vifo unapoanza kupinda kwenda juu. Hapo ndipo kizingiti chetu kilipo. Huenda kikawa nyuzi 33 zenye usiku usioshuka chini ya 27. Huenda kikawa kingine. Takwimu zitasema, na kila ukanda utapata chake: pwani, nyanda kavu, kando ya maziwa, na milimani.

Hadi hapo, yafaa taarifa ya hali ya hewa ya pwani isitaje joto la mchana peke yake. Itaje pia usiku utapoa hadi kiasi gani, na kipimajoto chenye kitambaa kinasoma nini. Msikilizaji atazoea namba hizo upesi, kama alivyozoea nyakati za maji kupwa na kujaa. Msimamizi wa kazi akisikia kwamba usiku uliopita haukupoa na hewa imelowa, ataweza kuamua zege imiminwe alfajiri badala ya saa saba mchana. Na muuguzi atajua ni watoto gani wa kuwasogeza mbali na paa.